Mchezo wa Shilingi 20

Ukiwa na shilingi 48 kwenye M-Pesa hapa Kenya, wakala hakutolei kitu. Kiwango cha chini cha kutoa ni shilingi 50, na kutoa hizo 50 kunakatwa 11, kwa hiyo mtu anahitaji 61 ndipo aone noti mkononi. Zikiwa pungufu ya hapo, pesa zimekwama humo humo kwenye simu. Zinaweza kununua kredo au bando, kutumwa kwa mtu, au kulipia kitu dukani. Mtu anayetengeneza mchezo mdogo wa simu akitaka kujua autoze bei gani, aanze na hizo pesa zilizokwama, kwa sababu wachezaji wake wengi hawana kadi ya benki na hawana mpango wa kuitafuta.

Tuseme umetengeneza mchezo wa mafumbo ya bao. Una hatua 50: 10 za kwanza ni za bure, 40 zinauzwa. Wazo linalomjia karibu kila mtu ni kuzifungua zote 40 kwa bei moja, shilingi 100. Wazo la pili ni kuzikata mafungu manne ya hatua kumi kumi, kila fungu shilingi 20. Kwa haraka haraka la pili ni la hasara, maana anayenunua yote analipa 80 badala ya 100.

Tuweke hesabu ya kubuni. Kwa mwezi wanacheza watu 2,000, na 30 kati yao wanalipa ile 100. Hiyo ni 3,000. Ili mafungu yafikie kiasi hicho, lazima yauzwe 150. Wale 30 wakinunua mafungu yote manne ni 120 tu, kwa hiyo umepungukiwa na 30. Basi swali ni kama bei ya 20 itawavuta watu wengine ambao 100 iliwafukuza. Wakija 80 wapya, kila mmoja akanunua fungu moja akaishia hapo, umeuza mafungu 200, yaani shilingi 4,000. Usihesabu wanunuzi peke yao, hesabu mafungu, na hasa angalia ni wangapi wanarudi kuchukua fungu la pili. Fungu la kwanza likiuzwa sana na la pili likadoda, bei haina kosa. Hatua za 11 hadi 20 ndizo zinazochosha.

Mimi ningeanza na 20. Mchezaji hailinganishi bei yako na michezo ya Ulaya. Anailinganisha na bando, na shilingi 20 ni bando la muda mfupi analolinunua bila kuomba ushauri. Shilingi 100 ni chakula cha mchana kibandani.

Bei ndogo namna hii inawezekana tu ikiwa njia ya malipo haiimezi. Ukipokea kwa nambari ya Buy Goods, ile tunayoiita tili, mnunuzi hakatwi chochote, na wewe muuza hukatwi kwa malipo yasiyozidi shilingi 200. Juu ya hapo makato ni asilimia 0.55. Shilingi 20 inakufikia ikiwa 20. Paybill ni jambo jingine. Ina viwango vya kuchagua nani abebe gharama, na ukichagua vibaya mchezaji atajikuta analipa zaidi ya ulichomwambia.

Ila kuna ukuta mmoja wa kuujua mapema. Mchezo ukiwa Play Store, kanuni za Google zinataka vitu vya ndani ya mchezo vilipiwe kupitia mfumo wao, na wao huchukua asilimia 15 ya dola milioni moja za kwanza kwa mwaka. Katika 20 unabaki na 17. Si balaa, na kwa Wakenya M-Pesa imo kati ya njia za kulipa humo. Lakini ukichomeka tili yako ndani ya programu hiyo, unaweza kuondolewa. Anayetaka kupokea moja kwa moja auweke mchezo kwenye tovuti, uchezwe ndani ya kivinjari. Njia hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Safaricom wana mfumo wa wasanidi programu uitwao Daraja. Mchezaji anabonyeza Nunua, anaandika nambari yake, na seva yako inatuma ombi linaloitwa STK Push. Sekunde chache baadaye dirisha la M-Pesa linaibuka kwenye simu yake likitaja kiasi na jina la biashara. Anaweka pini, basi. Dirisha hilo linatoka kwenye laini yenyewe, kwa hiyo hata kabambe inalipata. Mtoto anaweza kuchezea kwenye tableti isiyo na laini, na mama akalipia kwa simu yake akiwa sokoni. Nambari iandikwe kwa mtindo wa 2547 au 2541 bila alama ya kujumlisha. Acha watu waandike 07 walivyozoea, seva yako ndiyo igeuze.

Kosa linalowapoteza wengi liko hapa. Ombi likitumwa, Daraja inajibu papo hapo kwa `ResponseCode` yenye thamani `0`. Msanidi anafurahi, anafungua hatua. Kumbe sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mchezaji hata hajaliona dirisha. Jibu la malipo huja baadaye, likitumwa kwenye anwani uliyoiweka katika `CallBackURL`, na ndani yake kuna kitu kama hiki:

```
"CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
"ResultCode": 0
```

`ResultCode` ikiwa `0`, pesa imeingia, na utaona pia nambari ya risiti. Ikiwa `1`, salio halitoshi. `1032` ni kwamba amekataa mwenyewe, `1037` simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati, `2001` pini si sahihi. Usimwonyeshe mchezaji tarakimu hizi. Mwambie kwa maneno: salio halitoshi, jaribu tena.

Jibu hilo lenyewe lina tabia zake. Wakati mwingine halifiki, seva yako ikiwa imelala au mtandao umekatika, na mchezaji amekatwa 20 bila kupata hatua zake. Basi kama dakika moja imepita kimya, seva iulize yenyewe hali ya ombi kwa kutumia ile `CheckoutRequestID`. Pia anwani yako iko wazi mtandaoni, na mjanja akiijua anaweza kukutumia jibu la uongo. Kila jibu lilinganishwe na ombi ulilolihifadhi: kitambulisho kile kile, kiasi kile kile, na liwe bado halijafunguliwa. Hiyo ya mwisho inazuia jibu moja likifika mara mbili lisitoe mafungu mawili. Kitufe cha Nunua nacho kizimwe wakati ombi linasubiri, maana mtu asiyeona dirisha haraka hubonyeza tena na tena.

Jambo jingine ni Fuliza. Mchezaji mwenye salio dogo anaweza kulipia tili kwa mkopo huo. Sheria haikukatazi kupokea, lakini mimi nisingeweka fungu la shilingi 500 kwenye mchezo wa watoto, kwa sababu deni litamkuta mzazi.

Wenye laini za Airtel hawapati dirisha la M-Pesa. Itabidi ujiunge na Airtel Money kando, au umtumie wakala wa malipo anayekusanya mitandao yote na kuchukua asilimia yake. Mwulize kwanza kama ana makato ya chini kwa kila muamala, kwa sababu shilingi 5 katika 20 ni robo ya bei.

Malalamiko yatakuja, mengi yakiwa na picha ya ujumbe wa M-Pesa. Picha hutengenezwa. Omba msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu 10, uutafute kwenye kumbukumbu za tili yako. Ukiuona, mfungulie hatua zake saa hiyo hiyo. Usipouona, mwulize alilipa kwa nambari gani, kwa sababu mara nyingi aliyelipa ni kaka yake.