Barua ya Posa Haiandikwi na Mshenga

Wasindikaji wadogo wa vyakula ninaowashauri huniletea mengi: vifungashio, vipimo, mikopo. Lakini swali linalorudi kila wiki halihusu chakula hata kidogo. Ni hili: "Kuna mtu namhitaji, na kuna mtu tunayefahamiana anayemjua. Nimemwomba anikutanishe naye, amekaa kimya. Nifanyeje?"

Huwa naomba nione ujumbe wenyewe aliotuma. Karibu kila mara jibu la kile kimya limo humo.

Dada mmoja wa Dodoma anayetengeneza siagi ya karanga alinionyesha wake. Alitaka kumfikia mnunuzi wa vyakula wa maduka makubwa fulani ya Dar es Salaam. Aliyemjua mnunuzi huyo ni kaka mmoja ambaye walikaa meza moja kwenye mafunzo ya vifungashio mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo walisalimiana labda mara mbili. Alimwandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimesikia unafahamiana na yule mnunuzi wa vyakula. Naomba namba yake au uniunganishe naye, nina biashara nzuri sana. Mungu akubariki." Tiki mbili za buluu zilionekana siku ileile. Wiki mbili zikapita bila neno.

Dada aliamini kaka ana roho mbaya. Mimi nilimwambia ajiweke kwenye kiti cha yule kaka. Ameombwa namba ya simu ambayo si yake kuigawa. Akiamua badala yake amwandikie mnunuzi, itambidi atunge ujumbe mwenyewe, na hajui biashara ni ya nini, ina ukubwa gani, wala huyu dada anataka nini hasa: mkataba, ushauri, au mkopo? Amemwona mara moja tu. Akimpeleka kwa mnunuzi halafu bidhaa ikawa mbovu, jina litakaloharibika ni lake. Na kukataa waziwazi ni aibu, maana ombi limefungwa kwa dua. Mtu aliyebanwa pande zote hivyo huweka simu mfukoni na kusema atajibu kesho.

Mtu angemshauri dada atafute ndugu au rafiki wa karibu wa kumbebea ombi. Inavutia, lakini mara nyingi ndugu hawamjui tunayemtaka. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Takriban 17 katika kila 100 walisema mara kwa mara, yaani angalau mara mbili kwa wiki. Kama 56 walisema mara mojamoja, na karibu 28 walisema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu si ngumu kuiona. Rafiki wa karibu anazunguka palepale tunapozunguka sisi; yule wa mbali ana watu ambao sisi hatujawahi kukutana nao. Kwa hiyo mtu anayefaa kuombwa ni mara nyingi yule ambaye hatuna haki ya kumtwisha mzigo. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, na ndiyo maana ombi lazima liwe jepesi.

Wazee wetu walishalitatua jambo hili kwenye posa. Mshenga hapelekwi mikono mitupu akajitungie la kusema. Upande wa mwanamume huandaa barua, humo wamejieleza wao ni nani na wanaomba nini, na mshenga huifikisha. Nyumba ya binti hupata nafasi ya kuisoma, kuulizana na kujibu, na jibu likiwa hapana halisemwi usoni mwa mwombaji. Mshenga anarudi na heshima yake, na nyumba zote mbili zinaendelea kusalimiana.

Tuliyatumia hayo kwenye simu ya dada. Tuliandika ujumbe wa aina mbili, kila mmoja ukisimama peke yake. Wa kwanza ni wa kaka mwenyewe:

"Shikamoo kaka, habari za siku nyingi. Ni mimi wa siagi ya karanga, tulikaa meza moja kwenye yale mafunzo ya vifungashio. Ulinitajia kwamba umewahi kufanya kazi na mnunuzi wa vyakula wa maduka yale. Naomba, ukiona inafaa, umuulize kama yuko tayari kuzungumza nami. Namba yake siihitaji kabla hajakubali. Ujumbe wa kumpelekea nimeuandika, unakuja hapa chini. Popote unapotaka kubadilisha, badilisha. Na kama hamko karibu tena au huoni vizuri kumuuliza, niambie tu bila wasiwasi, nitapeleka sampuli ofisini kwao kama wasambazaji wengine."

Tazama sentensi ya mwisho. Wengi huogopa kuiandika wakidhani inamwonyesha mtu mlango wa kutokea. Ni kweli inamwonyesha, na ndiyo kazi yake. Mtu anayejua anaweza kukataa bila kuvunja udugu husoma ombi kwa utulivu, na akikubali anakubali kwa moyo. Pia ile njia nyingine iliyotajwa lazima iwe ya kweli. Dada alikuwa tayari kweli kubeba sampuli zake hadi ofisini.

Ujumbe wa pili ndio barua yenyewe. Huo unatumwa peke yake, ili kaka aubonyeze na kuupeleka bila kukata wala kunakili chochote:

"Habari za kazi. Natengeneza siagi ya karanga Dodoma, chupa ya gramu 400, yenye alama ya ubora ya TBS. Kwa sasa nauza kwenye maduka 11 hapa mjini, chupa 600 hivi kwa mwezi, na mashine yangu inaweza kufikisha 1,500. Ningeomba dakika 15 za simu wiki ijayo, nielewe mnapokeaje wasambazaji wadogo na mnalipa baada ya siku ngapi. Kama jambo hili liko kwa mwenzako, nitashukuru kuelekezwa kwake." Chini yake akaandika jina lake kamili na namba yake ya simu.

Jina na namba si pambo. Ujumbe wa WhatsApp ukipelekwa kwa mtu mwingine hubeba alama ndogo tu ya kuonyesha kwamba umetoka kwingine. Jina la aliyeuandika mwanzo haliendi nao. Nimeona maombi mazuri yakifika kwa mhusika yakiwa hayana mwenyewe, na mhusika asijue ampigie nani. Vivyo hivyo sauti. Kurekodi ni rahisi kwa anayeomba, lakini anayepokea yuko kikaoni au ndani ya daladala, na hawezi kupitisha jicho juu ya sauti ya dakika tatu kutafuta ombi liko wapi.

Angalia pia kwamba barua ile haimwombi mnunuzi anunue. Inaomba dakika 15 na majibu ya maswali mawili. Ombi dogo kama hilo linampunguzia kaka hatari, kwa sababu hakumdhamini mtu, amepeleka swali. Kumfikisha mtu na kumdhamini ni mambo mawili tofauti, na anayekufahamu kwa siku tatu za mafunzo anaweza la kwanza tu. Ukimtaka aseme wewe ni mwaminifu ilhali hajawahi kufanya kazi nawe, umemtaka aseme asichokijua. Mtu mwenye heshima zake atanyamaza, na yuko sahihi.

Upo mpaka mwingine ambao mimi binafsi siuvuki. Kama kuna zabuni iliyotangazwa au usaili unaoendelea, sikubali mteja wangu atafute wa kumkutanisha na anayetoa uamuzi. Hapo unamwingiza mtu wa kati kwenye upendeleo, na hata ukipata utapata kwa shaka.

Kaka alijibu ndani ya nusu saa: "Marahaba mdogo wangu. Yule sasa yuko kitengo cha mboga, ila nampelekea." Aliongeza neno moja mwanzoni, "Huyu tulisoma naye vifungashio," akabonyeza. Kwake ilikuwa kazi ya dakika moja. Siku mbili baadaye mnunuzi alimwelekeza dada kwa mwenzake wa vyakula vya pakiti, akatoa ruhusa namba ya mwenzake ipewe dada.

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Milango imefunguka, wao wanasubiri Jumatatu. Ukishakutanishwa, andika siku hiyohiyo, mtaje aliyekufikisha, pendekeza nyakati mbili tatu za kupigiana simu, kisha mwache kaka aondoke kwenye mazungumzo. Mkiwa kwenye barua pepe mshukuru kwenye jibu lako la kwanza na umtoe kwenye orodha ya wanaopokea. Asilazimike kusoma mnavyopanga bei.

Kisha mrudishie habari. Dada alimwandikia kaka mara mbili: jioni ya siku aliyozungumza na mwenzake yule, na mwezi uliofuata alipopata jibu la kwamba chupa zake zingejaribiwa dukani baada ya kubadilisha lebo. Mistari miwili kila mara. Mshenga asiyeletewa habari za nyumba aliyoipelekea posa hujihisi alitumiwa, na safari nyingine hasimami. Hata jibu likiwa hapana, mwambie, na umwambie bila kulaumu aliyekataa, kwa sababu huyo ni mtu wake.

Na kama kaka asingejibu kabisa? Nampa mtu wiki moja, halafu ukumbusho mmoja tu: "Kaka, najua una mengi. Kama lile halikuwezekana, si neno kabisa." Baada ya hapo basi. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipokaribishwa anarudi alikotoka. Kwa ombi la fadhila mimi naona mbili zinatosha. Wala usimwombe mtu wa pili ampelekee mhusika yuleyule kabla hujamalizana na wa kwanza. Mhusika akipokea barua moja kutoka mikono miwili, wote wawili uliowatuma wanaonekana wasumbufu.

Kama una ombi lililolala kwenye simu ya mtu wiki mbili sasa, usiandike "vipi kaka, ulifikia wapi?" Kaa chini uandike ile barua ambayo hukuiandika mwanzo, isizidi mistari sita, na jina na namba yako chini. Mpelekee kwa kumwomba radhi kwamba mara ya kwanza ulimwachia kazi yako.