Honoraria ya mtahini: Makato ya asilimia tano si mwisho wa kodi

MALIPO ya honoraria anayopewa mtahini au mhadhiri mgeni hukatwa kodi kwa njia mbili zinazotofautiana sana, na wengi wa wanaoyapokea mkoani Singida hulinganisha tu kiasi kilichokatwa siku ya malipo. Ulinganisho huo unapotosha, kwa kuwa kodi halisi hujulikana mwisho wa mwaka.

Njia ya kwanza ni kodi ya zuio. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, taasisi inayomlipa mkazi wa Tanzania ada ya huduma ya kitaalamu humkata asilimia tano ya malipo yote na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Njia ya pili ni kuyahesabu malipo hayo kuwa mshahara. Iwapo mpokeaji tayari ana mwajiri mwingine, anayemlipa huhesabiwa kuwa mwajiri wa pili, naye hukata asilimia 30.

Kinachoamua njia ipi itumike si jina la malipo, bali uhusiano wa pande mbili. Sheria inaitambua ajira hata pale mtu anaposhika nafasi inayompa haki ya kulipwa mara kwa mara kwa huduma anayotoa. Kwa hiyo mhadhiri mgeni mwenye ratiba ya muhula mzima na malipo ya kila mwezi yuko karibu zaidi na ajira. Mtahini aliyeitwa mara moja kutunga na kusahihisha mtihani, akalipwa na kuondoka, yuko karibu zaidi na mtoa huduma.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule binafsi mjini Singida ambaye mshahara wake unaotozwa kodi, baada ya mchango wa hifadhi ya jamii kuondolewa, ni Sh900,000 kwa mwezi. Chuo binafsi kinamwita kutahini na kumlipa Sh400,000.

Kwa kodi ya zuio atakatwa Sh20,000 na kuondoka na Sh380,000. Kwa njia ya ajira ya pili atakatwa Sh120,000 na kubaki na Sh280,000. Ni dhahiri kwamba mwalimu atapendelea njia ya kwanza.

Hata hivyo, zuio la asilimia tano kwa mkazi si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali. Mwisho wa mwaka, honoraria hujumlishwa na mshahara wake wa Sh10,800,000 na kufanya mapato ya Sh11,200,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, sehemu ya mapato ya mwaka iliyo kati ya Sh9,120,000 na Sh12,000,000 hutozwa asilimia 25. Honoraria yake yote inaangukia humo, hivyo kodi yake halisi ni Sh100,000.

Kwa maana hiyo, aliyekatwa Sh20,000 bado anadaiwa Sh80,000, na aliyekatwa Sh120,000 amezidisha Sh20,000, ambazo anaweza kuzidai kupitia ritani. Viwango vyote viwili ni makadirio tu.

Tofauti ya kweli iko kwenye gharama. Mtoa huduma anaruhusiwa kuondoa gharama alizotumia kupata malipo hayo, lakini mwajiriwa haruhusiwi. Mwalimu huyo akiwa na risiti za nauli na uchapishaji za Sh60,000, atatozwa kodi juu ya Sh340,000. Kodi itakuwa Sh85,000, na deni litashuka hadi Sh65,000.

Tatizo huanza pale mwalimu anapodhani kwamba makato yamemaliza wajibu wake. Mwajiriwa wa sehemu moja asiye na mapato mengine hahitaji kuwasilisha ritani. Aliyepokea ada ya huduma anahitaji, na kwa mwaka wa kalenda mwisho wa kuiwasilisha ni Juni 30 ya mwaka unaofuata. Pia anapaswa kudai cheti cha kodi ya zuio kutoka chuoni, kwa kuwa bila cheti hicho itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba Sh20,000 zilikatwa kwa jina lake.

Watumishi wa umma wana utaratibu wao. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinaiondoa kwenye hesabu ya mapato ya ajira honoraria anayolipwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu kubwa hutoka serikalini. Lakini msamaha huo umewekwa kwenye mapato ya ajira. Mtumishi anayeingia mkataba na chuo binafsi kama mtoa huduma anapokea ada ya huduma, na hapo zuio la asilimia tano hurudi, pamoja na hesabu ya mwisho wa mwaka.