Mfalme Bali na Usiku wa Taa

Diwali husherehekewa usiku wa giza totoro, mwezi usipoonekana kabisa angani, kati ya Oktoba na Novemba. Wahindu huhesabu miezi kwa kufuata mwandamo kama Waislamu, ila kila baada ya miaka 3 hivi huongeza mwezi mmoja, ndiyo maana sikukuu hii haizunguki mwaka mzima kama Idi. Usiku huo diya hupangwa vizingitini na juu ya kuta: vibakuli vidogo vya udongo vyenye samli au mafuta na utambi wa pamba.

Taa hizo zawashwa kwa ajili ya nani? Kaskazini mwa India utaambiwa ni kwa ajili ya Rama, aliyerejea Ayodhya na mkewe Sita baada ya miaka 14 uhamishoni na kumuua Ravana aliyekuwa amemteka Sita. Wagujarati humkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na wafanyabiashara wao huviombea baraka vitabu vipya vya hesabu, desturi waliyokuja nayo hadi Mombasa na Dar es Salaam. Wabengali usiku huohuo humwabudu mungu wa kike Kali.

Wengi hufupisha yote kwa kusema wema umeshinda uovu. Kwa Rama maneno hayo yanafaa. Yanafaa pia kwa Krishna aliyemuua jitu Narakasura: huko Maharashtra, alfajiri ya siku ya kukumbuka ushindi huo, watu hujipaka mafuta, huoga, kisha hulikanyaga na kulipasua tunda dogo chungu liitwalo karit, mfano wa jitu lile.

Lakini kuna Bali, na kwangu kisa chake ndicho kizito kuliko vyote. Bali alikuwa mfalme wa maasura, mahasimu wa miungu, ila alikuwa mwadilifu na mkarimu. Aliitawala dunia na mbingu, miungu ikakosa makao. Mungu Vishnu akamjia kwa umbo la Vamana, kasisi mbilikimo, akaomba ardhi ya hatua tatu tu. Mwalimu wa Bali, Shukra, alimtambua mgeni, akamsihi mfalme asitoe. Bali akakataa kuvunja ahadi. Mbilikimo akakua: hatua ya kwanza ikafunika dunia, ya pili mbingu. Ya tatu haikuwa na pa kutua, Bali akainamisha kichwa chake.

Alishushwa kuzimu, lakini akapewa ruhusa ya kuwarudia watu wake mara moja kwa mwaka. Maharashtra na Karnataka humkumbuka siku inayofuata usiku wa Lakshmi, na wanawake wa Maharashtra huomba utawala wa Bali urudi. Hapo aliyeshindwa ndiye anayetamaniwa. Wakerala nao humpokea mapema zaidi, katika sikukuu ya Onam, Agosti au Septemba. Hiyo ndiyo sikukuu yao kubwa, na Diwali kwao hupita bila shamrashamra nyingi.