Nzuri Sita Katika Aya Moja

Kikaratasi kilikuwa kimebanwa katikati ya daftari la insha, kwa mwandiko wa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. "Mwalimu, shikamoo. Umenipigia mstari kila nilipoandika nzuri na vizuri. Naomba unipe maneno mengine ya kuweka badala yake. Hata kumi yatatosha."

Nilirudi kwenye insha yake. Alikuwa ameandika hivi: "Harusi ya mama mdogo ilikuwa nzuri. Alivaa gauni zuri. Chakula kilikuwa kizuri na muziki ulikuwa mzuri. Mshereheshaji alizungumza vizuri. Tulirudi nyumbani vizuri."

Sarufi yake haikuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba neno lilelile limebebeshwa mizigo sita tofauti. Gauni linahukumiwa na jicho, chakula na ulimi, muziki na sikio. Mshereheshaji anapimwa kwa kazi yake, na safari ya kurudi kwa usalama wake. Ukishajua ni nani anayetoa hukumu, neno linajileta lenyewe: chakula ni kitamu, mshereheshaji ni mchangamfu au msemaji fasaha, na watu hurudi salama. Ndiyo maana orodha ya maneno kumi isingemsaidia. Kila neno lina mahali pake, na "chakula fasaha" kingemchekesha hata mpishi.

Hata -zuri na -ema, ambayo wengi huyachukulia kama pacha, yana mpaka wake. Ukisema fulani ni msichana mzuri, msikilizaji anaweza kufikiria sura au tabia. Ukisema ni mwema, umezungumzia mwenendo wake tu, na sura umeiacha. Tena kuna mahali ambapo mazoea yamekwisha kuamua: tunatakiana safari njema na usiku mwema.

Jambo la pili ni kwamba Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili. Kazi ambayo mwanafunzi anataka ifanywe na kivumishi, mara nyingi sisi huifanya kwa kitenzi. Hatuna haja ya kusema gauni lilikuwa zuri mwilini mwake, tunasema lilimkaa. Mandhari yanavutia, pilau inanukia, rangi inapendeza, ngoma inasisimua. Anayetafuta kisawe cha "nzuri" miongoni mwa vivumishi peke yake ataishia na "bora", "safi" na "murua", kisha atakwama.

Hapo hapo kuna mtego wa upatanisho. Mwanafunzi aliyezoea gauni zuri na kitabu kizuri huendelea kubandika viambishi hata pasipohitajika, akaandika "nguo zisafi" au "wapishi wahodari". Maneno kama safi, sahihi, mahiri, hodari na bora hayabadiliki: ni nguo safi na wapishi hodari, basi. Lakini tamu hubadilika, kwa hiyo chakula kitamu na maembe matamu.

Kamusi ya Visawe ya Mohammed A. Mohammed na Said A. Mohammed, iliyotoka mwaka 1998, ipo, nami humwelekeza mwanafunzi huko. Ila namwonya asichukue neno ambalo hajalisikia likitumika. Kosa jingine ni kukariri mapambo. Nimesahihisha insha nyingi ambazo kila mwenye furaha anafurahi kama aliyeokota embe dodo chini ya mwarobaini. Aliyebuni mfano huo alituonyesha kitu. Anayeukariri leo hatuonyeshi chochote, na dodo lake limegeuka kuwa "nzuri" ndefu.

Nilimwita mwanafunzi wangu, nikamwuliza: nzuri ya nini? Ulijuaje kwamba muziki ulikuwa mzuri? Akacheka. "Mwalimu, hata bibi yangu aliinuka kutunza, na kila siku analalamikia magoti." Nikamwambia, basi andika hilo.

Kesho yake aliniletea aya hii: "Siku mama mdogo alipoolewa, pilau ilinukia kuanzia kona ya barabara. Gauni lilimkaa. Mshereheshaji alikuwa mchangamfu, hata watoto waliacha kukimbizana wakamsikiliza. Taarabu ilipoanza, bibi yangu, ambaye kila siku analalamikia magoti, aliinuka kwenda kutunza. Tulirudi usiku wa manane, salama. Ilikuwa harusi nzuri."

Ile "nzuri" ya mwisho sikuipigia mstari. Imekuja baada ya ushahidi, na msomaji ameshakubali kabla hajaambiwa. Nyuma ya kikaratasi chake nilimwandikia jibu fupi: kabla ya kubadilisha neno, jiulize ulichokiona, ulichokisikia au ulichokionja. Ukikosa jibu, tatizo si msamiati.