Fungate: Siku Saba za Bibi Arusi

Katika kufasiri maneno ya arusi twakutana na neno moja ambalo kila mtu hudhani alijua, nalo ni fungate. Ukimwuliza kijana wa leo maana yake, atakuambia kwamba ni safari ya maarusi baada ya ndoa, nao wageni watokao Ulaya kuja kupumzika Unguja baada ya kuoana husemwa kuwa wako fungate. Matumizi hayo yamekwisha kuenea, wala hatuandiki ili kuyapinga. Lakini neno hili lilikuwa na maana yake kabla ya hiyo, na maana ile ya kwanza yatufunulia jambo ambalo safari haina. Tena yatusaidia kusoma vema sura moja ya Kitabu cha Mwanzo ambayo wengi huikosea.

Tuanze na neno lenyewe. Wako wasemao kwamba fungate latoka katika kufunga, kwa sababu maarusi hufungiwa chumbani. Si hivyo. Fungate ni hesabu ya saba katika Kiswahili cha kale. Leo twahesabu sita, saba na tisa kwa maneno ya Kiarabu, lakini zamani Waswahili walisema tandatu, fungate na kenda, kama ndugu zao Wabantu. Hata leo Mgiriama husema fungahe kwa saba, na Mshambaa husema mfungate. Wako waliokisia kwamba hesabu hiyo yatokana na kufunga vidole vitatu katika kumi, vikabaki saba. Ikiwa ni kweli, basi kilichofungwa ni vidole, si mlango. Neno saba lilipoingia sokoni na shuleni, fungate halikufa, bali lilijificha nyumbani mwa bibi arusi, likawa jina la siku saba za kwanza za ndoa tu.

Desturi yenyewe, kama ilivyokuwa katika miji ya pwani, ilikwenda hivi. Bwana arusi ndiye aliyetoka kwao, akaja usiku na jamaa zake mpaka nyumbani kwa bibi arusi. Hapo hakuingia kama mwenye nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa, naye alipaswa kutoa kifungua mlango. Akiisha kuingia, alioshwa miguu, akatoa kiosha miguu. Na bibi arusi hakumpa mkono mpaka ametoa kipa mkono. Vijizawadi hivyo visidhaniwe kuwa ni mchezo mtupu. Kila kimoja kilimfundisha yule mume kwamba hapa yeye ni mgeni, na kwamba haendi hatua moja mbele bila ya idhini.

Karibu nao alikuwapo kungwi, ambaye Mombasa na Lamu huitwa somo. Mwanamke huyu ndiye aliyemfunza mwari tangu alipovunja ungo, na katika siku zile saba alikuwa mlangoni, tayari kuitwa. Bibi arusi akiwa na maumivu, au hofu, au neno asiloweza kumwambia mume, alikuwa na mtu wa kumwambia, tena mtu mzima aliyeweza kumkabili mume kwa heshima na kumwambia, "Baba, mpe nafasi mwenzio apumzike."

Katika siku hizo bibi arusi hakupika, hakuteka maji, hakufagia. Mume naye hakutazamiwa kwenda kazini. Chakula kilitoka kwa baba wa mke, kikaletwa katika sinia iliyofunikwa kawa, asubuhi na jioni. Kamusi za zamani zaitaja habari hii ya chakula pamoja na hesabu ya siku, kana kwamba hayo mawili ndiyo fungate yenyewe: siku saba, na sinia ya mkwe. Siku ya saba ikiisha sinia ilikoma, na tangu hapo mume alikuwa na wajibu wa kulisha nyumba yake. Hivyo kila mtu alijua mwisho wake, wala hapakuwa na haja ya kumfukuza mtu.

Sasa tutazame jambo lililo kiini cha habari hii. Siku zile zilikuwa za nani? Mtu aweza kujibu, za wote wawili. Lakini desturi yenyewe yajibu kwamba zilikuwa za mke. Sheria ya Kiislamu yalisema jambo hilo waziwazi. Mtu mwenye mke akioa mwanamwali, hukaa kwake siku saba kabla ya kurudia zamu za wake zake. Akioa mwanamke aliyekwisha kuolewa zamani, hukaa kwake siku tatu. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, siku hizo hazilipwi kwa wake wengine, kwa sababu ni haki ya mke mpya. Angalieni na tofauti ya hesabu. Mwanamwali apewa saba kwa kuwa mambo yote kwake ni mageni. Mjane, aliyekwisha kujua maisha ya ndoa, zamtosha tatu. Basi siku zapimwa kwa kadiri ya ugeni wa mke, si kwa tamaa ya mume.

Kwa mwanga huo tufungue Mwanzo 29. Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na jioni ya karamu akaletewa Lea. Asubuhi alipogundua, alilalamika, na Labani akamjibu kwamba si desturi ya mahali pale kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Amtimizie huyu saba yake, ndipo apewe na yule mwingine kwa utumishi wa miaka saba tena. Wengi hufundisha kwamba Yakobo alingoja miaka kumi na minne kabla ya kumwoa Raheli. Tumesikia hivyo katika mahubiri na katika madarasa. Lakini neno la Kiebrania hapo ni shavua, ambalo latoka katika sheva, yaani saba, nalo maana yake ni juma. Ni kama fungate letu hasa: hesabu iliyogeuka kuwa jina la muda. Yakobo alitimiza fungate ya Lea, siku saba. Ndipo akapewa Raheli. Kisha akatumika ile miaka saba mingine akiwa na wake wote wawili. Aya ya 30 yaonyesha taratibu hiyo, kwa kuwa yataja utumishi wa pili baada ya kusema kwamba aliingia kwa Raheli.

Mwalimu akilieleza jambo hili kwa neno fungate, wanafunzi wa pwani wataelewa mara moja, tena wataona uchungu uliomo. Labani, ambaye ni mdanganyifu, hata hivyo hakukubali siku za Lea zikatwe. Juma lile laitwa la huyu, yaani la Lea. Yakobo hakumtaka, naye alikuwa na sababu ya hasira, lakini kumwacha kabla ya siku ya saba kungalikuwa kumwaibisha mbele ya watu wote wa mahali pale waliokula karamu. Basi hata mke asiyependwa alikuwa na siku zake saba.

Fungate iliyoharibika twaiona katika Waamuzi 14. Samsoni alifanya karamu ya siku saba huko Timna, kwao mwanamke, kama desturi ilivyotaka. Lakini vijana thelathini waliwekwa kuwa naye, na kitendawili kikatolewa kwa masharti ya mavazi. Vijana wale waliposhindwa, walimwendea mke, wakamtisha kwamba watamteketeza kwa moto yeye na nyumba ya babaye. Akawa analia mbele ya mumewe siku za karamu, mpaka siku ya saba Samsoni alipomwambia. Kisha akaondoka kwa hasira, akarudi nyumbani kwa babaye. Hapa kila kilichowekwa kumlinda mke kimegeuzwa. Watu wa nje wameingia katikati ya wawili, nyumba ya baba haikuwa kinga, na hapakuwa na kungwi wa kusema kwa niaba yake. Na kuondoka kwa mume kulisomwa na mkwewe kuwa dalili ya chuki, hata akamwoza binti yake kwa mtu mwingine. Mume aliyetoka kwa hasira wakati kama huo hakuhitaji kutamka talaka. Miguu yake ilikuwa imekwisha kusema.

Torati yaongeza muda. Kumbukumbu la Torati 24:5 yaamuru kwamba mtu aliyeoa karibuni asiende vitani wala asipewe kazi yo yote kwa muda wa mwaka mmoja, akae nyumbani na kumfurahisha mkewe. Tena si kujifurahisha mwenyewe.

Sasa tulinganishe na desturi ya Waingereza. Neno lao la muda huu limeungwa na maneno mawili, asali na mwezi. Richard Huloet, katika kamusi yake ya mwaka 1552, alilieleza hivi: maarusi mwanzoni hupendana mno, kisha mapenzi yao huelekea kupungua. Basi hapo kwanza halikuwa jina la safari, bali la hali ya moyo. Safari iliingia zaidi katika karne ya 19 kwa watu wenye mali, ambao mwanzoni mara nyingine walifuatana na jamaa ili kuwazuru ndugu wasiofika arusini. Baadaye jamaa waliachwa, na kusudi likawa wawili wawe peke yao. Kwa watu waliokwisha kujuana kabla ya arusi, desturi hiyo ina faida yake. Lakini haiwi badala ya fungate, kwa maana fungate humweka mke katikati ya watu wake, na safari humtoa kati yao.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Tulimjua kijana mmoja mwalimu aliyeoa Jumamosi, akamchukua mkewe jioni ile ile mpaka chumba cha kupanga mjini, na Jumatatu akarudi darasani. Siku ya Jumatano jirani alimkuta yule binti akilia. Hakupigwa wala hakutukanwa. Hakujua maji yatekwa wapi, alikuwa na maumivu, na mtu wa pekee aliyemjua mjini ni yule ambaye aliona haya kumwambia. Shangazi yake aliitwa, akakaa katika nyumba ya jirani siku saba, akapika, akasikiliza. Binti akatulia. Bila kulitaja jina lake, walikuwa wamemrudishia fungate.

Kwa hiyo, vijana wakija kuandikisha ndoa, pamoja na maswali tuliyozoea twaweza kuuliza matatu: siku saba za kwanza mke atakaa wapi? Nani atapika? Na akiwa na neno lisilosemeka kwa mume, atamwambia nani? Wakiwa na majibu, wana fungate, hata wakienda safari. Wasipokuwa nayo, ni afadhali shangazi aitwe kabla ya Jumatano.