Godoro la 8,700: VAT yako iko wapi ndani ya bei?

Umelipia godoro Runyenjes kwa simu, KSh 8,700. Risiti inaonyesha VAT 1,200. Wengi huona duka limetoa 1,200 hiyo yote kwa KRA kutoka kwa faida yake. Sivyo. Duka litapeleka 240 tu, na hata hiyo 240 imetoka mfukoni mwako. Wacha tufuate godoro hilo kutoka mwanzo. Bei ni za mfano, lakini asilimia 16 ndiyo kiwango cha kawaida cha VAT nchini.

Kiwanda cha Nairobi kinaagiza malighafi ya povu ya KSh 3,000 kutoka ng'ambo. Mzigo ukifika bandari ya Mombasa, kinalipa VAT ya 480 pale forodhani. Kinatengeneza godoro na kumuuzia muuzaji wa jumla wa Embu mjini kwa 5,000, kisha kinaongeza VAT ya 800. Hiyo 800 aliyotozwa mnunuzi huitwa kodi ya mauzo. Ile 480 iliyolipwa kwanza ni kodi ya ununuzi. Kiwanda kinatoa moja kwa nyingine na kupeleka 320.

Muuzaji wa Embu naye anauzia duka la Runyenjes kwa 6,000 na VAT ya 960. Yeye ameshalipa 800 kiwandani, kwa hivyo anapeleka 160. Duka linakuuzia kwa 7,500 na VAT ya 1,200, linatoa 960 lililolipa Embu, linapeleka 240. Sasa jumlisha: 480, 320, 160 na 240. Ni 1,200 kamili. Kila mmoja amerudishiwa kile alicholipa na aliyemuuzia baada yake, isipokuwa wewe, maana wewe huuzi godoro, unalilalia.

Hesabu hii hufanyiwa mauzo yote ya mwezi kwa pamoja, si godoro moja moja, na ritani hutumwa kwenye iTax kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ndiyo maana mwenye duka husisitiza apewe risiti ya eTIMS yenye PIN yake anaponunua stoki. Bila risiti halali, ile 960 hawezi kuidai. Atapeleka 1,200 nzima, na faida yake imeliwa.

Na duka dogo je?

Sheria inamlazimu mfanyabiashara kujisajili kwa VAT mauzo yake yanayotozwa kodi yakifika KSh milioni 5 kwa mwaka. Tuseme kuna duka dogo Maua ambalo halijafika hapo na halijajisajili. Linanunua godoro lile lile Meru mjini kwa 6,960, VAT ikiwemo. Haliwezi kudai 960, kwa hivyo kwake hiyo ni gharama kama nauli ya mzigo. Likitaka faida ya 1,500 kama mwenzake wa Runyenjes, litauza kwa 8,460. Risiti haitaonyesha VAT, lakini umelipa 960 bado, imefichwa ndani ya bei. Umeokoa 240 tu.

Shida inaanza mwenye duka kama huyo akikwambia, "Hiyo bei ni bila VAT, ongeza asilimia 16." Utalipa KSh 9,813.60. Ile 1,353.60 ya juu haina njia ya kufika KRA, kwa sababu hana ritani ya VAT ya kuipeleka. Asiyejisajili haruhusiwi kutoza VAT hata kidogo. Vivyo hivyo ndizi na viazi vya Gakoromone: mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa hayatozwi VAT, hata muuzaji awe mkubwa namna gani.

Kabla hujaweka nambari ya siri, uliza PIN ya duka, kisha uiangalie kwenye PIN Checker ya iTax. Itakuonyesha jina la mwenye PIN na kodi alizosajiliwa. VAT isipokuwepo kwenye orodha, usiongeze kitu. Risiti ya eTIMS pia ina alama ya QR. Iskani, uone kama KRA wanaitambua. Ujumbe wa malipo tunaokutumia unathibitisha pesa zimefika kwenye Till, lakini si risiti ya kodi. Kama wewe ni mfanyabiashara, huwezi kudai kodi ya ununuzi kwa ujumbe huo.

Jambo moja la hesabu, maana hata makarani huteleza hapa. Ukitaka kujua VAT iliyo ndani ya bei, usichukue asilimia 16 ya 8,700. Utapata 1,392, na si sawa. Bei hiyo ni sehemu 116: bidhaa 100, kodi 16. Kwa hivyo zidisha 8,700 kwa 16, ugawanye kwa 116. Utapata 1,200.