Mapato huhesabika lini? Njia mbili za hesabu za kodi kwa mfanyabiashara mdogo

Kodi ya mapato hutozwa kwa mwaka, na kwa sababu hiyo swali la kwanza katika hesabu za biashara ni kila shilingi ni ya mwaka upi. Zipo njia mbili za kulijibu. Katika msingi wa fedha taslimu, pato huhesabika siku malipo yanapopokelewa, na gharama siku inapolipwa. Katika msingi wa ulimbikizaji, pato huhesabika siku mwenye biashara anapopata haki ya kulidai, hata kama mteja hajalipa, na gharama siku deni linapothibitika, hata kama bado halijalipwa.

Tanzania ni mfano mzuri wa kuangalia, kwa kuwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imelisema jambo hili waziwazi. Kampuni hailazimiki kufikiri: lazima itumie ulimbikizaji, iwe na wafanyakazi watatu au mia tatu. Mtu binafsi, kwa mshahara wake na kwa mapato ya uwekezaji, lazima atumie fedha taslimu. Anayebaki na uchaguzi ni mtu binafsi mwenye biashara yake. Hapa ndipo wengi hujichanganya, kwa kuwa BRELA husajili kampuni na husajili pia majina ya biashara. Jina la biashara si kampuni. Fundi mwenye cheti cha jina la biashara bado ni mtu binafsi mbele ya sheria ya kodi, na haki yake ya kuchagua ipo palepale.

Si kila mwenye haki hiyo ataiona faida yake. Kwa viwango vya mwaka 2024, mkazi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida alitozwa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo tu, isipokuwa baadhi ya wanataaluma. Huyo gharama zake haziingii kwenye hesabu kabisa. Uchaguzi huanza kuwa na uzito mtu anapovuka kiwango hicho na kutakiwa kuandaa hesabu za faida na hasara.

Tuseme yupo seremala wa Morogoro, mtu binafsi, ambaye mwaka wake wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba. Ndani ya mwaka amepokea shilingi milioni 120 kutoka kwa wateja na kulipa gharama za milioni 95. Mwezi Novemba ameipelekea shule moja binafsi madawati ya milioni 30 na kukabidhi ankara, lakini shule italipa Februari. Baadhi ya mbao za madawati hayo, zenye thamani ya milioni 8, amezichukua kwa mkopo na atazilipa Januari. Hakuna mbao wala bidhaa iliyobaki ghalani.

Kwa fedha taslimu, faida yake ni milioni 120 kutoa 95, yaani milioni 25. Kwa ulimbikizaji, madawati yanaingia na deni la mbao linaingia: milioni 150 kutoa 103, yaani milioni 47. Kwa viwango hivyo vya 2024, mtu binafsi alilipa shilingi 1,536,000 kwa milioni 12 za kwanza na asilimia 30 kwa kinachozidi. Kodi ya njia ya kwanza ni shilingi 5,436,000, na ya njia ya pili ni 12,036,000. Tofauti ni shilingi 6,600,000.

Tofauti hiyo si msamaha. Februari shule ikilipa, milioni 30 zitaingia katika mapato ya mwaka mpya kwa njia ya fedha taslimu, na mbao zitaingia katika gharama za mwaka huohuo. Kilichobadilika ni wakati, na kwa biashara yenye mtaji mwembamba wakati ndio jambo zito. Kodi ya makisio hulipwa kwa awamu nne, na kwa mwaka unaoishia Desemba awamu ya mwisho huangukia tarehe 31 Desemba. Kwa ulimbikizaji, seremala angetakiwa kuilipia kodi fedha ya madawati kabla haijamfikia. Mwenye kuuza kwa mkopo kwa wateja wanaochelewa ndiye ananufaika zaidi na fedha taslimu.

Hali hugeuka kwa biashara inayopokea malipo ya awali. Mteja akitoa milioni 40 mwezi Desemba kwa kazi itakayofanyika mwaka ujao, kwa fedha taslimu zote ni pato la Desemba, wakati mbao, misumari na ujira vitalipwa mwaka unaofuata. Faida huvimba mwaka mmoja na kusinyaa mwaka wa pili. Mwenye kazi za namna hii afikirie sana kabla ya kuchagua.

Uchaguzi huo una mipaka yake. Kupokelewa hakumaanishi noti mkononi: fedha iliyoingia benki au kwenye M-Pesa tarehe 30 Desemba ni ya mwaka huo, hata ikitolewa Januari, kwa sababu tayari mwenyewe anaweza kuichukua. Mkopo wa benki ni fedha iliyoingia lakini si pato. Mashine ya kuranda ni fedha iliyotoka, lakini thamani yake hupunguzwa kidogo kidogo kwa taratibu za uchakavu wa mali. Bidhaa zilizobaki ghalani mwisho wa mwaka nazo haziwi gharama ya mwaka huo kwa sababu tu zimelipiwa. Na VAT haifuati uchaguzi huu hata kidogo: kwa aliyesajiliwa, inadaiwa ankara inapotolewa, malipo yanapopokelewa au bidhaa inapofikishwa, lolote litakalotangulia.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchanganya njia: mapato yakisubiri fedha, gharama zikiingizwa kwa ankara ambazo hazijalipwa. Mkaguzi hulitambua kirahisi, kwa kuwa orodha ya wadai ipo lakini ya wadaiwa haipo. Ishara nyingine ni risiti za EFD. Risiti hutolewa hata kwa mauzo ya mkopo, hivyo jumla ya mashine ya seremala itakuwa milioni 150 wakati ritani inasema 120. Tofauti hiyo ni halali, lakini lazima awe na daftari la wadaiwa linaloonyesha ankara ipi ililipwa lini. Bila daftari hilo, tofauti hiyo itaonekana kama mauzo yaliyofichwa.

Deni lisilolipika nalo hutofautiana. Kwa ulimbikizaji, pato lililokwisha kutozwa kodi linaweza kuondolewa baadaye kama mdai amechukua hatua zote za busara kulifuatilia na anaamini kwa sababu za msingi kwamba halitalipwa, kwa hiyo barua za kudai zitunzwe. Kwa fedha taslimu hakuna cha kuondoa, kwa kuwa deni halikuwahi kuhesabiwa kuwa pato.

Anayetaka kubadili njia humwandikia Kamishna Mkuu wa TRA, naye hukubali pale tu anaporidhika kwamba mabadiliko ni ya lazima ili mapato yaonekane sawasawa. Katika mwaka wa mabadiliko hufanywa marekebisho ili kitu kisirukwe wala kuhesabiwa mara mbili. Seremala akiruhusiwa kuhamia ulimbikizaji mwaka unaofuata, milioni 30 za madawati, ambazo kwa njia mpya zingekuwa za mwaka uliopita, zitaongezwa katika mwaka wa mabadiliko, na milioni 8 za mbao zitapunguzwa humohumo.